Bei ya Kazi ya Minko

Karatasi ya msiba ya Minko Dyankov, yenye jina na picha yake, imebandikwa kwenye lango la ghala letu. Raina, mjane wake, huibandika upya kila mwaka, na kila mwaka huja kwangu nimchapie, maana wino wa ofisini haumgharimu kitu. Katika picha ile Minko amenuna kama mtu aliyekanyagwa kidole. Ni uongo mtupu. Sijapata kuona mtu mcheshi kama yule hapa Gabrovo, na mji huu ukikosa vyote haukosi watu wa mzaha. Alikuwa akizima taa ya karakana kila akipigiwa simu, kisha anazungumza gizani. Ukimuuliza sababu, anakuambia masikio hayahitaji umeme.

Mimi ni Stoyka, mhasibu wa kampuni ya kaka yake, Lazar. Minko nilimjua kabla kampuni haijazaliwa. Alijifunza kuchonga kalibu za kuumbia viatu katika kiwanda cha viatu cha serikali, enzi ambapo kiwanda kilikuwa na kantini, kwaya na timu yake ya mpira. Kilipouzwa, mashine zilikwenda kwa uzito kama vyuma chakavu, na mafundi wakatoka kila mmoja na mfuko wake wa zana. Minko akawa anachonga funguo, anaziba sufuria, anarekebisha mashine za kusagia nyama. Hakulalamika. Alisema amepanda cheo, zamani alikuwa na bosi mmoja na sasa kila bibi mwenye sufuria iliyotoboka ni bosi wake.

Lazar ni wa kuchomoa noti mfukoni kama anang'oa jino. Alianza kwa kuuza viatu vya Uturuki ndani ya gari lake dogo, akapata duka, kisha ghala. Siku moja likamjia wazo la kutengeneza gambuti zake mwenyewe, za wakulima na wafugaji, zenye jina lake. Kununua seti ya kalibu kutoka Italia kulimtoa jasho alipoiona bei tu. Akakumbuka ana mdogo wake.

Minko alishuka kwenye karakana iliyo chini ya ghala na hakutoka humo kwa majira mawili ya baridi na kiangazi kilicho katikati yake. Alichonga kalibu za aluminiamu, saizi moja baada ya nyingine, mguu wa kushoto na wa kulia. Kabla hajaanza, alikwenda sokoni na sinia la udongo mbichi akawaomba bibi wauza maziwa wakanyage. Walimtukana, wakacheka, wakavua soksi. Ndiyo maana gambuti zetu hazibani vidole vya watu waliozoea kusimama kutwa, na ndiyo maana zilinunuliwa. Raina alimletea supu ya maharage kila mchana, na nilikuwa nawasikia wakibishana kupitia sakafu kama soli iwe na meno marefu au mafupi.

Mkataba hakuwa nao. Nililisema hilo mapema na kwa sauti. Nilimwambia Lazar mtu anafanya kazi chini ya paa letu kila siku, aandikishwe, akatiwe michango ya hifadhi ya jamii kama wengine. Lazar alinitazama kama nimemtukana mama yake.

“Stoyka, yule ni mdogo wangu. Nimwandikie mkataba kama mtu niliyemwokota stendi?”

Minko mwenyewe, aliyekuwa akipita na kikombe chake cha kahawa, akasema kaka akimwandikisha itabidi aanze kuchelewa kazini. Tukacheka wote. Familia zetu za huku ndivyo zilivyo. Kati ya ndugu, karatasi ni aibu. Ukimwandikia ndugu yako stakabadhi umemwita mwizi. Lazar alimpa bahasha siku ya Pasaka na nyingine Krismasi, mkokoteni wa kuni kila vuli, na nusu ya nguruwe mwezi wa Desemba. Kilichokuwa ndani ya bahasha hakuna aliyejua ila wao wawili.

Kwa miaka kadhaa gambuti zilitengenezwa papa hapa Gabrovo. Kisha umeme ukapanda, wafanyakazi wakahamia Ujerumani, na Lazar akafanya walichofanya wenzake. Akazifunga kalibu za Minko kwenye makreti, akazipeleka kiwanda kimoja cha China. Kiwanda kilitoa mpira, mikono na moto. Kalibu hakikuzilipia, na sisi hatukuwatoza. Gambuti zikawa zinarudi kwa kontena mpaka bandari ya Varna, ankara ikionyesha bei ya mpira na ujira tu. Wakala wetu wa forodha aliichukua bei hiyo ya ankara, akaongeza nauli ya meli na bima, akatoa tamko kwa forodha, na ushuru ukakatwa hapo, senti kumi na saba katika kila leva moja ya pesa zetu.

Minko hakuwa na la kufanya tena huko chini. Alishuka kila asubuhi hivyo hivyo, akafagia. Mwaka wa pili wa makontena alidondoka kwenye foleni ya mkate, na hakuinuka.

Baada ya arobaini Raina alikwenda ofisi ya pensheni. Fungu la mjane hupimwa kwa miaka ambayo marehemu alikatiwa michango, na miaka ya Minko iliishia siku kiwanda cha serikali kilipofungwa. Miaka aliyofanya kazi kwetu ilikuwa tupu, kana kwamba alilala. Kilichopatikana kilitosha dawa na mkate, kuni hakikufika. Afisa wa pale alimwambia kwamba kama mumewe alikuwa kazini, alete maandishi ya wakati ule: mkataba, orodha ya mishahara, chochote chenye muhuri. Mashahidi peke yao hawatoshi. Raina akaja kwangu, nami nilipekua kila rafu huku nikijua sitapata kitu. Lazar akampa kazi ya kufunga gambuti kwenye maboksi, saa nne kwa siku, na mkokoteni wa kuni ukaendelea kwenda kwake kila vuli. Alimshukuru mara ya kwanza tu. Mara ya pili aliniambia, mimi si yeye, kwamba hataki kuni za sadaka. Alitaka miaka ya mume wake.

Nayasema haya ili ieleweke alikuwa na njaa gani wakati barua ya forodha ilipofika.

Ilikuja mwezi wa Machi. Ilisema kwamba forodha itafanya ukaguzi wa bidhaa zilizokwisha kutolewa bandarini, ikataja matamko yetu ya miaka mitatu, ikataka vitabu vya hesabu na nyaraka zote za uingizaji viwe tayari. Lazar alipauka. Watu wengi hudhani kontena likishatoka bandarini hadithi imekwisha. Haijaisha. Kinachofanyika bandarini ni kukuamini kwa muda ili bidhaa zisioze, na baadaye wanakuja kuona kama ulistahili kuaminiwa.

Mimi sikutetemeka. Sheria ya forodha inataka nyaraka zitunzwe angalau miaka mitatu, na miaka hiyo huanza kuhesabiwa mwaka wa uingizaji ukishamalizika, si siku kontena lilipofika. Sheria za kodi na za uhasibu zinataka zaidi ya hapo, kwa hiyo mimi hukaa na kila kitu miaka kumi na sibishani na mtu. Kila kontena lina faili lake: oda, mkataba na kiwanda, ankara, orodha ya mizigo, hati ya shehena, bili ya nauli, bima, tamko la forodha, uthibitisho wa benki kwamba kilicholipwa ndicho kilichoandikwa, na hata barua pepe, kwa sababu mara nyingi bei halisi hukaa kwenye barua pepe. Lazar alikuwa akinicheka kwamba nimeolewa na makabati. Wiki ile hakucheka.

Walikuja wawili. Kiongozi alikuwa Bi Kalina Zheleva, mwanamke mpole mwenye mafua yasiyokwisha, na mwenzake kijana mrefu aliyekaa na kompyuta tu. Walikunywa kahawa yetu, wakakataa banitsa ya Raina, mkate wake wa jibini, kwa adabu, wakaeleza haki zetu na namna watakavyofanya kazi. Kisha wakachagua matamko kadhaa na kuyafuata kutoka mwanzo mpaka mwisho. Tamko kwenda kwenye ankara, ankara kwenda benki, benki kwenda kwenye vitabu vyangu, vitabu kwenda kwenye maboksi ghalani. Siku mbili nzima hawakukuta kosa hata moja. Jioni ya siku ya pili Lazar alianza kunisifu mbele za watu.

Asubuhi ya tatu Bi Zheleva alinionyesha bili moja. Ilikuwa nauli ya makreti kutoka Gabrovo kwenda China, safari iliyokwenda kinyume na nyingine zote. Niliitunza kwa sababu natunza kila kitu. Aliuliza makreti yalikuwa na nini. Nikamwambia kalibu. Akauliza ni za nani, nikasema zetu. Akauliza kiwanda kilizilipia kiasi gani, nikasema hakikulipa. Akapiga chafya, akaomba radhi, akaandika kwa muda mrefu.

Alitueleza bila ukali. Mwagizaji akimpa mtengenezaji wa nje kitu cha kutengenezea bidhaa, bure au kwa bei pungufu, thamani ya kitu kile ni sehemu ya thamani ya bidhaa. Bei ya ankara imeshuka kwa sababu mwagizaji amekwisha kutoa sehemu yake kwa mlango mwingine. Sehemu hiyo huongezwa kwenye thamani ya forodha, na ushuru hukatwa juu yake. Tusingeweza kumtupia wakala lawama pia. Alitoa tamko kwa jina letu na kwa niaba yetu, aliandika tulichompa, na kuhusu kalibu hatukumwambia neno. Deni ni la kampuni.

“Sasa nahitaji kujua thamani yake,” alisema. “Mlizinunua wapi?”

Lazar akasema hazikununuliwa, zilichongwa hapa chini. Bi Zheleva akauliza nani alizichonga. Kijana mrefu akaacha kuandika, akanyoosha kidole dirishani kuelekea langoni. “Ni yule?” Alikuwa amesoma karatasi ile wakati wa kuingia, mahali tulipoandika *fundi kalibu* chini ya jina. Lazar akaitikia kwa kichwa.

Hapo mambo yakaharibika. Bi Zheleva alisema kwamba kama kalibu zingenunuliwa kwa mtu baki, thamani ingekuwa bei iliyolipwa, ankara moja na basi. Lakini ndugu wa damu kisheria ni watu wenye uhusiano, kwa hiyo kinachotazamwa ni gharama ya kuzitengeneza: aluminiamu, zana, umeme na kazi. Zilitumika hapa miaka kadhaa kabla ya kwenda China, kwa hiyo thamani itapunguzwa kwa uchakavu, ili mradi tuonyeshe zilikwisha kutoa jozi ngapi. Hilo nililiweza, daftari za uzalishaji zipo. Stakabadhi za aluminiamu zipo pia, ingawa muda wake wa kutunzwa ulikuwa umekwisha pita. Kisha akauliza juu ya kazi. Mikataba, mishahara, saa.  Katika makabati yangu yote hapakuwa na ukurasa hata mmoja wenye jina la Minko.

Nilipata hasira siku ile ambayo mpaka leo haijanitoka. Tulikuwa na karatasi za skrubu. Tulikuwa na stakabadhi ya ufagio aliokuwa akifagilia. Yeye mwenyewe hakuwemo.

Bi Zheleva alisema watasikiliza maelezo yoyote tutakayoleta, na kama hakuna, watakadiria kwa ujira wa mafundi wa aina ile na muda ambao kazi kama ile huchukua. Akauliza kama kuna mtu anayejua ilimchukua muda gani. Nikasema mkewe. Lazar alinikanyaga chini ya meza.

Jioni ile Lazar alikwenda nyumbani kwa Raina, akanichukua niwe shahidi. Alikuwa na karatasi iliyokwisha kuchapwa. Raina alitukaribisha jikoni, akaweka chai ya mlimani na jamu ya plamu, akafuta mikono yake kwenye aproni na kungoja. Lazar alianza mbali, akauliza habari za mguu wake, akasifu jamu. Mwisho akaisukuma karatasi. Ilikuwa ya Raina kutia sahihi, ikisema: marehemu mume wangu alikuwa akichonga vyuma kwa kujifurahisha, nyakati za mapumziko, wiki chache tu, kutokana na mabaki, bila kutarajia malipo.

Raina aliisoma mara mbili akifuatisha kwa kidole.

“Kwa kujifurahisha,” alisema.

“Ni maneno tu, shemeji. Kazi ikiwa kidogo na ushuru unakuwa kidogo. Wakipiga hesabu ya miaka miwili ya fundi, gambuti zimekwisha. Nitafunga. Wewe utafunga maboksi ya nani?”

“Na pensheni?”

“Pensheni haihusiki hapa. Hawa ni forodha.”

“Wanauliza alifanya kazi muda gani. Lazar, tangu azikwe hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Pale pensheni niliwaambia mwenyewe, wakasema hawaandiki maneno ya mdomo. Hawa wanataka kuandika.”

“Wataandika ili walipwe.”

“Waandike. Wakishaandika nitaibeba karatasi yao mpaka dirisha la pensheni, wanieleze jinsi serikali moja inavyojua na kutojua.”

Lazar alipandisha sauti, akataja kuni na nusu za nguruwe.  Raina alifunua kopo la jamu, akalifunika. Kisha akasema kwa sauti ya chini kabisa: “Minko alikuwa anarudi na chuma ndani ya macho. Nilikuwa nakitoa kwa ncha ya leso, wewe ukiwa umelala. Siwezi kuandika kwamba alikuwa akicheza.” Karatasi ikarudi mfukoni mwa Lazar. 

Kesho yake Raina alivaa koti lake la kanisani, akakaa mbele ya Bi Zheleva. Alieleza bila kutia chumvi. Minko alikaa kiti gani, mlango ulifunguliwa saa ngapi, ni kalibu zipi alizivunja na kuanza upya kwa sababu kisigino kilikataa, majira gani ya baridi bomba lilipasuka akafanya kazi akiwa amevaa gambuti za majaribio. Kijana mrefu aliandika yote. Mwishoni Raina akauliza kama yatakuwa na muhuri. Bi Zheleva akasema uamuzi utakuwa na muhuri, ndiyo. Nilimwona Raina akishuka ngazi, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alikuwa ameinua kichwa. Niliona raha, nikaona na hofu pia, maana kazi yangu imenifundisha kwamba karatasi husema lile ililoulizwa na haizidi hapo.

Miezi ikapita. Forodha ikatuletea matokeo yake pamoja na sababu, kabla ya uamuzi, kama sheria inavyotaka, tukapewa siku thelathini za kujibu. Lazar hakunipa kazi ya kujibu. Alikwenda kwa wakili katika mji wa Veliko Tarnovo. Wakili yule alijua kazi yake. Aliomba thamani ya kalibu igawanywe kwa jozi zote zilizotoka ndani yake, wala isibebeshwe kontena la kwanza peke yake, na kwa sababu oda zetu zote zilikuwa kwenye mafaili, ombi lilikubaliwa. Jozi zilizoingia zaidi ya miaka mitatu nyuma zilikuwa zimekwisha kupita muda wa kudaiwa, na fungu lake likaondoka nazo. Haya yote yalikuwa sawa, nami ningeyaandika vile vile.

Lakini aliongeza jingine ambalo sikulijua mpaka baadaye. Ili kupunguza upande wa kazi, na ili watu wa hifadhi ya jamii wasije wakadai michango, Lazar alitia sahihi maelezo rasmi ya kampuni: kwamba Minko Dyankov hakuwahi kuajiriwa, hakuwa na saa za kazi, hakupokea maagizo wala ujira wowote, na kwamba alichofanya alikifanya kama zawadi ya ndugu.

Uamuzi ulitoka kabla ya Krismasi. Ushuru wa ziada, riba juu yake, siku kumi za kulipa, na njia ya kukata rufaa kwa asiyeridhika. Lazar alilipa. Hakufilisika, ila aliuza gari la mizigo na akaiambia China watengeneze gambuti za kontena moja la mwisho. Kalibu akaziuza kule kule kwa kiwanda. Alinitangazia mlangoni, bila kukaa, na hakumtazama Raina aliyekuwa akibana maboksi nyuma yangu.

Raina hakujali maboksi. Aliniomba nakala ya kurasa zinazomhusu mumewe. Lazar alisema nimpe, kwake pesa zimekwisha kutoka. Ndani yake forodha ilikuwa imeandika kwamba kazi ya kutengeneza kalibu ilichukua miezi ishirini ya fundi mwenye ujuzi wa juu, na ikatia thamani. Raina aliusoma mstari ule ofisini kwangu amesimama, midomo ikicheza. Kurasa nyingine hakuzisoma. Mimi nilizisoma jioni, baada ya yeye kuondoka nazo kwenye mkoba wake, kwenye nakala iliyobaki. Nilimpigia simu mara kadhaa. Raina hapokei simu akiwa na furaha, huogopa itaharibiwa.

Alikuja asubuhi iliyofuata moja kwa moja kutoka ofisi ya pensheni, theluji bado mabegani. Nilimvuta kiti. Alisema afisa alikuwa mstaarabu, alizisoma kurasa zote, tofauti na yeye. Afisa huyo alisema mstari wa miezi ishirini unathibitisha kwamba kalibu zilikuwa na thamani, hauthibitishi ajira. Tena umeandikwa mwaka huu, wao wanataka maandishi ya wakati ule. Kisha akafungua ukurasa wa mbele zaidi, akamsomea maelezo ya kampuni, yale ya hakuwahi kuajiriwa, yenye sahihi ya Lazar na muhuri. Akamwambia kwamba mpaka jana faili la Minko lilikuwa halisemi kitu juu ya miaka ile, na mtu angeweza kuendelea kutafuta. Sasa linasema.

“Nikamwambia anirudishie,” Raina alisema. “Akasema ameshaipokea, ameshaipiga namba.”

 Nilimwekea chai, hakuigusa. Nje Lazar alikuwa akiwafokea watu waliokuwa wakipakia rafu za ghala.

“Mimi ndiye niliyeipeleka, Stoyka. Kwa mkono wangu.”

“Hukujua.”

“Wewe unatunza karatasi. Hizi zenu mnazichoma zikifika miaka kumi. Ile yao wataitupa lini?”

Ningeweza kumwambia sijui. Alikuwa akinitazama kama mgonjwa anavyomtazama daktari akiwa ameshalijua jibu.

“Hiyo haitupwi, Raina,” nikamwambia.